Widal au kuotesha damu, kipi kinasema ukweli kwenye taifodi?

MamaZuwena_Moro
Wakuu habari za jioni. Mume wangu leo ni siku ya nne ana homa, kichwa kinauma, tumbo limejaa. Malaria wamepima mara mbili hakuna. Zahanati wakapima Widal, karatasi imeandikwa O 1:160, H 1:320, wakasema taifodi imepanda wakampa sipro, ameshameza vidonge viwili. Tatizo ni kwamba hii ni mara ya tatu tangu mwaka uanze, kila homa yake inaitwa taifodi, nimechoka kununua dawa. Shoga yangu kaniambia kuna kipimo cha kuotesha damu ila ni ghali na majibu yanakaa siku kadhaa. Kipi bora?

Dawa_Kona
1:160 kwenda juu ndo taifodi, chini ya hapo vidudu ni vichache. Yake imefika 320, amalize dozi tu. Kuotesha ni kula hela.

Benchi_la_Nyuma
Mkuu Dawa_Kona, hapo kwenye vidudu nakukatalia. Nimekaa maabara miaka mingi, taita, yaani hiyo namba ya 1:160, haihesabu vidudu. 1:160 maana yake serumu imezimuliwa mara 160 na bado inafanya chembe za rejenti zishikane, yaani ni kingamwili ndo zimeonekana. O ni kingamwili za kupambana na mwili wa mdudu, H ni za mikia yake. Na kingamwili hazina tarehe, hasa za H, mtu anapona zinabaki miezi mpaka miaka. Ndugu wengine wa salmonela wanaziamsha, hata malaria inaweza kuzipandisha. Ndo maana hiyo 160 yako haiwezi kuwa moja kwa kila mji, inatakiwa ijulikane kwanza watu wazima wasioumwa wa eneo hilo wana ngapi.

Sasa mama, angalia siku. Kingamwili za O kwa kawaida huanza kuonekana siku ya 6 mpaka 8, za H siku ya 10 mpaka 12. Mumeo siku ya nne tayari ana H 320? Mi nahisi hiyo ni ya homa ya zamani au ya kitu kingine kabisa. Kama ni kutumia Widal kwa haki, anapimwa tena baada ya siku 10 mpaka 14, maabara ileile, na O inatakiwa iruke mara nne, toka 160 mpaka 640. Ikitoka 160 kwenda 320 hiyo ni hatua moja tu, macho ya msomaji peke yake yanaweza kuileta.

Kaka_Tumbo
Mimi nilipima choo ikaja H pailori, nikatumia dozi wiki mbili, sasa niko poa. Mpeleke akapime choo.

MamaZuwena_Moro
Kaka hiyo ni vidonda vya tumbo, huyu ana homa 😅

Nesi_wa_Zamu
Niongeze kitu kuhusu slaidi, ile Widal ya haraka ya kwenye kioo. Inazungushwa dakika moja unasoma. Ukiiacha ukaenda kuita mgonjwa mwingine, tone linakauka pembeni, unaona vichembe unaandika pozitivu. Widal ya tyubu inalazwa mpaka kesho yake, inasomeka vizuri zaidi, ila zahanati nyingi hawana muda huo. Kwahiyo dada uliza walitumia ipi. Ila nasi wa vijijini tusilaumiwe, chupa za kuotesha hatuna, tunafanyaje?

Dawa_Kona
Sawa nimeelewa ya vidudu. Ila hata kuotesha si kunakosea? Jirani yangu ilitoka hasi na alikuwa anaumwa hasa.

Benchi_la_Nyuma
Inakosa, sikatai. Kati ya wagonjwa 10 wa kweli, karibu 4 inaweza kuwakosa, kwasababu kwenye mililita moja ya damu mara nyingi hata kidudu kimoja hakitimii. Ndo maana mtu mzima anatolewa mililita 8 mpaka 10, wakichukua 2 wamejidanganya, na damu itolewe kabla ya antibayotiki. Lakini ikiota umemshika mdudu mwenyewe, hubishani na kivuli chake, na unamjaribu kwa dawa ujue sipro inamuua au imeshamzoea. Widal haikuambii hilo hata siku moja. Uboho unashika zaidi, ila nani atakubali kuchomwa mfupa kwa homa ya siku nne.

Vidonge viwili vimeshaharibu kidogo, ila bado ningeotesha. Mwambie daktari ukweli kuhusu vidonge.

MamaZuwena_Moro
Mrejesho: tumetoka hospitali, wamechukua chupa mbili, wameniambia ikiota mara nyingi inaonekana ndani ya siku tatu lakini wanaziangalia mpaka 7. Daktari kasema aendelee na sipro wakati tunasubiri, homa leo imeshuka kidogo.

Dawa_Kona
Haya, na ikija hasi huku homa imeshuka, utasema sipro imemponya au hakuwa na taifodi?

Nesi_wa_Zamu
Hapo ndo hata sisi wodini huwa tunabishana.