Bosi kachomeka takwimu za taifa kwenye jedwali letu, halafu mbele ya watu ananinyooshea kidole mimi!

Mpima Urefu: Wakuu, nimetoka kwenye kikao sasa hivi na bado natetemeka kwa hasira. Simtaji, mnamjua. Yule wa kizibao chenye mifuko kumi na saba, anayefika uwandani kupiga picha tu.

Tumepima watoto 184 wa chini ya miaka mitano. Wa chini ya miaka miwili unamlaza kwenye ubao, mama anashika kichwa, wewe unanyoosha magoti, mtoto analia mpaka kitongoji cha pili wanajua mmefika. Waliodumaa wakawa 71, yaani asilimia 38.6. Nikaandika hivyo kwenye sura ya matokeo.

Leo ripoti inatupwa ukutani mbele ya afisa lishe, nasoma: "Utafiti wetu umebaini udumavu wa asilimia 30.0." Chini ya jedwali: "Chanzo: data za uwandani." Wetu upi? 30 ni ya utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022! Mama wa watu akauliza kwa upole, "Hii mmeipata wapi?" Yule bwana akageuka, akanyoosha kidole: "Muulizeni aliyepima."

MUULIZENI ALIYEPIMA! Bega langu limeota umbo la ule ubao, leo naulizwa namba ambayo sijawahi kuiona! Na vile vitongoji vimezidi taifa, ndicho kitu pekee cha maana tulichokipata, na kimefutwa. Muulizeni aliyepima. Nitakufa nalo hilo neno.

Kifaru wa Tandale: Pole mkuu, lakini ulikaa kimya? Ungesema hapo hapo. Sasa unakuja kulia huku.

Mpima Urefu: Nilifungua mdomo, akasema "tuendelee, muda umetutupa mkono". Kidole bado kiko hewani!

Binti Sura ya Nne: Mbona rahisi. Kwenye sura ya matokeo hakuna kutaja kazi ya mtu mwingine, mwiko kabisa. Kazi za watu zinakaa kwenye mapitio ya maandiko, basi.

Mzee wa Uwandani: Binti, nusu umepatia. Hao watoto wamepimwa kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, na kuvitaja kwenye matokeo si kosa. Tena ripoti nyingine zinaunganisha matokeo na mjadala. Cha lazima ni kila sentensi ijulikane ya nani: "tulipima watoto 184, 71 wamedumaa", kisha sentensi nyingine, "kitaifa, utafiti wa 2022 uliripoti asilimia 30". Ukiziunganisha kwa "imebainika" tu, msomaji hajui nani alibaini.

Mleta mada, silaha unayo. Asilimia 30.0 ya watoto 184 ni watoto 55.2. Watoto 55 wanatoa 29.9, na 56 wanatoa 30.4. Hiyo 30.0 haitoki kwenye data zenu hata ukizipindua. Ila njia hii ni ya sampuli ndogo. Wangekuwa elfu mbili, karibu kila desimali ingepata watoto wake.

Mpima Urefu: 55.2! Mbili ya kumi ya mtoto! Huyo ndiye wa kuulizwa, si mimi!

Kifaru wa Tandale: Labda alitaka kulinganisha tu, watu hawana dogo.

Mzee wa Uwandani: Kulinganisha ni halali. Aweke safu yake, iandikwe taifa, na chanzo chake chini.

Binti Sura ya Nne: Hapana Mzee, nabisha. Watu wanakata picha ya jedwali, maelezo ya chini yanabaki. Peleka kwenye mjadala.

Mtahiniwa Aliyechoka: Mimi wangu kinyume. Msimamizi anataka rejea kila aya ya sura ya nne. Nimehoji wauza samaki mimi mwenyewe, anaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nani kasema?" Si wamesema wauza samaki!

Mama Dodoso: Mtahiniwa, una bahati anasoma. Wangu rasimu anayo tangu mfungo, na juzi kaniuliza mada yangu ni ipi.

Mpima Urefu: Jamani, kidole changu...

Kifaru wa Tandale: Tuongelee posho. Kuna aliyelipwa ya uwandani? Sisi tumeambiwa tusubiri ripoti ipite.

Mama Dodoso: Kumbe na ninyi? Kwetu vishikwambi vilirudishwa siku ile ile, posho bado iko njiani.

Mtahiniwa Aliyechoka: Mnasubiri na nauli pia, au posho tu?