Mtoto wa miezi 8, yai aanze lini? (Pemba)

BabaMaryam_Wete
Asalaam alaykum wana jukwaa. Mtoto wetu ana miezi minane, uji na kiazi kitamu anakula vizuri. Swali langu dogo tu: yai la kupikwa mtoto hupewa akiwa na umri gani? Mama yangu anasema mpaka atimize mwaka, mke wangu anasema tumeshachelewa, kliniki waliniambia miezi sita. Tumbo lake naona halipatani na mayai, ndo maana nauliza. Nijibuni haraka, kuna shughuli Ijumaa.

MzeeKarafuu
Waalaykum salaam. Yakhe, sie tumekulia mayai ya kienyeji tangu tunatambaa, na hapo kliniki yenyewe mpaka upande punda. Watoto wa siku hizi wana mzio wa kila kitu isipokuwa simu.

MamaPacha
Pole ndugu yangu. Mie kati ya pacha wangu, mmoja alikuwa akila yai hana neno, baada ya saa mbili hivi anaanza kutapika mpaka analegea, rangi inamtoka. Kipele hata kimoja hana. Jirani akaniambia ni tumbo tu halistahamili, mpunguzie. Nikampunguzia, akatapika vilevile. Sasa yuko skuli na anakula chipsi mayai, alhamdulillah.

NesiMstaafu
BabaMaryam, "halipatani" ndiyo nini? Ameshakula yai? La namna gani, na baada ya muda gani kikatokea nini?

MamaPacha, wa kwako haikuwa tumbo kutostahamili. Kutapika kwa mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula, na mtoto analegea, huo nao ni mzio, ila wa aina isiyotoa vipele. Kupunguza kiasi hakusaidii. Huachwa, na kurudishiwa ni kazi ya daktari.

BabaMaryam_Wete
Amekula kidogo. Kiini cha kuchemsha alikula mara kadhaa, salama. Siku moja mama akamvunjia yai zima kwenye uji, akaukoroga sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Akatapika, mdomo ukavimba na vipele vikatoka. Tukampa dawa ya maji ya aleji, akalala.

Lakini alitapika, kwa hiyo naona ni tumbo. Ijumaa tuna khitma nyumbani na mama anaoka mkate wa mayai. Nimeshaamua aonjeshwe kipande. Mayai yakiokwa madhara yote yanatoka, hilo nimelisikia kwa watu wengi.

FundiKeki
Umesikia sawa. Watoto wengi wenye mzio wa yai wanakula keki bila tabu, na nchi za nje hospitali zinawapa keki kwa makusudi. Mpe tu.

NesiMstaafu
FundiKeki, umesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua.

Kwanza, hili si tumbo. Tumbo lisilostahamili chakula huleta gesi, kuharisha, maumivu, mara nyingi baada ya masaa, na hutegemea kiasi: akila kidogo hapati kitu. Linasumbua lakini haliui. Mdomo kuvimba na vipele muda mfupi baada ya kula ni mzio, kinga ya mwili inapigana na yai. Hapo kijiko cha chai kinatosha kuleta balaa, na kutapika ni sehemu ya balaa hilo hilo.

Kiini hakikumdhuru kwa sababu protini zinazoleta mzio nyingi zimo kwenye ute mweupe. Na ule uji ulishaepuliwa, yai halikuiva. Moto mkali wa muda mrefu huvunja baadhi ya protini hizo, ndiyo maana wengi hustahamili keki. Lakini ipo moja, ovomukoidi, ambayo moto hauiwezi sana. Mtoto ambaye mwili wake unapigana na hiyo, hata keki itamdhuru, na kwa kumtazama huwezi kujua ni yupi.

Halafu keki ya hospitali ni unga mwingi na yai kidogo, huokwa nusu saa kwenye joto la nyuzi 180, na daktari yupo. Mkate wetu wa mayai ni mayai mengi unga kidogo, juu makaa chini makaa, katikati bado laini. Hivyo si kitu kimoja.

Ulichouliza kuhusu umri ni cha mtoto ambaye hajawahi kudhurika. Huyo aanze karibu na miezi sita, kabla ya minne hapana. Yai lichemke dakika kumi na zaidi mpaka gumu, asubuhi, robo kijiko cha chai kwanza, umwangalie. Akiwa salama ongeza pole pole, na usiache tena, mpe mara mbili hivi kwa wiki. Mama yako hakosei kwa zamani: mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani waliwashauri wenye watoto walio katika hatari ya mzio wasubiri miaka miwili. Mwaka 2008 ushauri huo ulifutwa. Mwaka 2017 Wajapani walitangaza matokeo ya watoto wenye ukurutu: walioanzishiwa unga wa yai lililopikwa kwa kiasi kidogo tangu miezi sita, huku ngozi ikitibiwa, 8 kwa 100 walikuwa na mzio walipofika mwaka. Waliosubiri, 38 kwa 100.

Wa kwako ameshavuka hatua hiyo. Ana ukurutu? Siku ile alikohoa?

BabaMaryam_Wete
Ngozi kavu tu kidogo, ya kawaida. Kukohoa sikumbuki. Mkate nitampa kidogo sana, tena nyumbani tuko wengi.

Mchunguzi_Unguja
Jamani hadithi hii inanuka. Mkate, khitma, bibi, na mtu hakumbuki kama mwanawe alikohoa? Wiki iliyopita kulikuwa na uzi wa kitoto kuvimba kwa pweza, mwisho mwenyewe akaja kuuza dawa. Nasubiri namba ya simu.

MzeeKarafuu
Hata mimi nanusa. Pengine muoka mkate ni yeye.

BabaMaryam_Wete
Mie ni mama yake Maryam, nimechukua simu. Hatuuzi kitu. Mume wangu hakuwepo, alikuwa Mkoani kazini. Nilikuwepo mie. Alikohoa. Baada ya vipele sauti ya kilio ilikauka na kifua kikawa kinalia kama filimbi. Hatukumwambia kwa kuwa mkwe wangu alikuwa analia, nikaona tusimtie aibu. Na ngozi si kavu kidogo, nyuma ya magoti na mashavuni inatoa maji, usiku anajikuna mpaka damu.

MamaPacha
Ya Rabbi.

Mchunguzi_Unguja
Nimenyamaza.

NesiMstaafu
Mwanangu, umefanya vyema kusema. Kifua kulia maana yake mkate Ijumaa haupo, hata chembe. Ikitokea tena, dawa ya maji ya aleji hutuliza vipele, haifungui pumzi. Kinachofungua ni sindano ya adrenalini pajani, kwa hiyo ni hospitali papo hapo. Mlaze chali, msimsimamishe begani, akitapika mgeuzeni ubavu.

Wiki hii aonwe na daktari wa watoto, aandikwe mzio wa yai, na ngozi itibiwe. Kipimo cha damu kama hawana, waulizeni mtapelekwa wapi. Yai litarudi siku yake, wengi huacha kudhurika wakikua.

BabaMaryam_Wete
Na chanjo ya surua ya miezi tisa? Nimesikia ina yai. Na mie ninayemnyonyesha niache mayai?

NesiMstaafu
Surua apewe. Hutengenezwa kwenye chembe za kifaranga, haina yai la kumdhuru. Ya homa ya manjano ndiyo ya kumwambia daktari kwanza. Wewe ukila yai na yeye hana neno baada ya kunyonya, endelea. Ukiona anababuka, mwambie daktari kabla ya kuacha.

FundiKeki
Dada, unaweza kutuwekea picha ya vipele? Wengine tungejifunza.

NesiMstaafu
Picha ya mtoto usiiweke humu. Kama unayo ya siku ile, mpelekee daktari, pamoja na saa aliyokula na saa vipele vilipoanza.