Ushauri: 3185 ni jumla ya miraba miwili, 1365 inagoma. Nitajuaje mapema?

Mtoa_Hoja:
Wakuu, habari za wakati huu. Nina orodha ndefu ya namba, na kwa kila moja natakiwa kusema kama ni jumla ya miraba miwili au siyo. Mpaka sasa natumia njia ya kutoa: natoa 1, natoa 4, natoa 9, hivyo hivyo, kila mara naangalia kama kinachobaki ni mraba. Kwa 3185 nilipotoa 49 nikabaki na 3136, ambayo ni 56². Safi. Kwa 1365 nimetoa mpaka 36² na hakuna kilichokubali.

Kinachonichanganya ni kwamba zote mbili ni witiri, zote zinagawanyika kwa 5, kwa 7 na kwa 13, na zote ukizigawa kwa 4 inabaki 1. Nimeambiwa jibu liko kwenye vigawo tasa. Niangalie nini hasa?

Chap_Chap:
Mkuu usijichoshe. Gawa kwa 4 basi. Mraba wa namba shufwa haubakizi kitu, mraba wa witiri unabakiza 1. Kwa hiyo miraba miwili ikijumlishwa itabakiza 0, 1 au 2, haiwezi kubakiza 3. Ikibaki 3 tupa, ikibaki 1 imepita. Hiyo 1365 rudia, kuna mraba umeuruka.

Baba_Witiri:
Mbona kila witiri inawezekana jamani? Igawe 1365 katika namba mbili zinazofuatana, 682 na 683. Sasa 683² − 682² = 1365. Kazi imekwisha.

Mtoa_Hoja:
@Baba_Witiri hiyo ni tofauti ya miraba, mimi natafuta jumla. @Chap_Chap nimerudia, hakuna niliyoruka.

Bi_Salio:
Hujaruka kitu, 1365 haiwezekani kabisa. Alichosema Chap_Chap kuhusu kubaki 3 ni kweli, ila kubaki 1 hakutoshi. Jaribu 21: inabaki 1, lakini ukitoa 1, 4, 9 na 16 unapata 20, 17, 12 na 5. Hakuna mraba hapo.

Tofauti ya namba zako mbili iko kwenye 7. Chukua namba yoyote, itafutie mraba, gawa kwa 7. Kitakachobaki ni 0, 1, 2 au 4, hakuna kingine. Jaribu kuanzia 0 mpaka 6 utaona. Sasa tuseme a² + b² inagawanyika kwa 7. Masalio yao lazima yajumlike kuwa 7, au yote yawe 0. Anayebakiza 1 anahitaji mwenzake wa 6, wa 2 anahitaji 5, wa 4 anahitaji 3. Hao wenza hawapo. Inabaki njia moja tu: a na b zote zigawanyike kwa 7, na hapo a² + b² inagawanyika kwa 49. Yaani 7 haiwezi kuingia peke yake. Ukishaondoa hiyo 49, swali linarudi vile vile kwa namba iliyobaki, kwa hiyo 7 huingia mbili mbili, au haiingii.

Tabia hiyo wanayo namba tasa zote zinazobakiza 3 zikigawanywa kwa 4: 3, 7, 11, 19, 23 na kuendelea. 5 na 13 hazina kizuizi hicho. Kwa 13, kwa mfano, 4 na 9 ni miraba na jumla yake ni 13 yenyewe.

Sasa zivunje namba zako. 3185 = 5 × 7² × 13, humo 7 imekuja na mwenzake. 1365 = 3 × 5 × 7 × 13, humo 3 iko peke yake na 7 iko peke yake. Kila moja inabakiza 3, na 3 × 3 = 9, ambayo inabakiza 1. Wahalifu wawili wamefichana, ndiyo maana kugawa kwa 4 hakukuwaona.

Fundi_Programu:
Aisee, hii imenisaidia mimi. Programu yangu ilikuwa inakataa namba yoyote yenye kigawo tasa cha kubakiza 3. Ikawa inakataa 45, wakati 36 + 9 ni 45. Kumbe natakiwa kuhesabu kigawo kimejirudia mara ngapi, siyo kuuliza tu kama kipo.

Bi_Salio:
Ndiyo. 45 = 3² × 5, kipeo cha 3 ni shufwa, inapita. Na 2 iache ijirudie itakavyo, haizuii kitu.

Mtoa_Hoja:
Nimeelewa upande wa kukataa. Lakini kipeo kikiwa shufwa, kuna uhakika gani miraba ipo kweli?

Bi_Salio:
Hapo ndipo penye uzito. Kila namba tasa inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 4 ni jumla ya miraba miwili. Fermat alilidai hilo kwenye barua kwa Mersenne mwaka 1640, uthibitisho kamili ukaja na Euler karne iliyofuata. Siuandiki hapa, ni mrefu. Kilichobaki ni kuunganisha, na hiyo unaifanya kwa mkono:

(a² + b²)(c² + d²) = (ac + bd)² + (ad − bc)²

5 ni 2² + 1², 13 ni 3² + 2². Basi ac + bd = 6 + 2 = 8, na ad − bc = 4 − 3 = 1. Kweli 65 = 8² + 1². Ukibadilisha alama, yaani ac − bd na ad + bc, unapata 4 na 7, na 16 + 49 ni 65 tena. Sasa rudisha 7² kwa kuzidisha kila upande kwa 7: 56² + 7², ambayo ndiyo uliyoipata, na 28² + 49², ambayo ungeikuta kama ungeendelea kutoa.

Chap_Chap:
Nimekubali. Ila 49 yenyewe? 7 imejirudia mara mbili, lakini sioni miraba miwili.

Bi_Salio:
49 = 7² + 0².

Chap_Chap:
Hapo mnatuchezea. Sifuri siyo mraba wa kuhesabu.

Fundi_Programu:
Kwangu 0 ni mraba kama mingine. Mtoa_Hoja aangalie swali lake lilivyoandikwa.

Bi_Salio:
Kama sifuri imekatazwa, ongeza sharti: kuwe na angalau kigawo tasa kimoja cha kubakiza 1, au kipeo cha 2 kiwe witiri. 18 = 2 × 3² inapita, ni 9 + 9. 49 na 36 zinaanguka.

Chap_Chap:
Bado naona sifuri ni ujanja.

Mtoa_Hoja:
Swali langu halikusema kitu kuhusu sifuri, nitaandika majibu yote mawili. Sasa namba zikiwa kubwa, lazima nizivunje mpaka mwisho?

Bi_Salio:
Kukataa mara nyingi ni rahisi. Jumlisha tarakimu zake: ikigawanyika kwa 3 lakini siyo kwa 9, itupe bila kugusa kilichobaki. Ondoa 2 zote kwanza, kilichobaki kikibakiza 3 kwa 4, tupa pia. Kukubali ndiko kugumu. Jaribu 11021. Inabakiza 1, haigawanyiki kwa 3 wala 7 wala 11, na kipeuo chake cha pili hakifiki 105. Utagawa na kugawa, na mtu asiye na subira ataishia 101 na kuandika kwamba ni tasa, kwa hiyo inapita. Inayofuata ni 103, na 103 × 107 = 11021. Zote mbili ni za kubakiza 3.