Nimelipa P2P tangu saa nne asubuhi, muuzaji hataki kuachia USDT

Fundi_Jokofu: Wakuu, naombeni msaada wa haraka. Nimenunua USDT 40 kwa shilingi 104,000. Salio langu halikutosha, nikalipa kwa simu ya mke wangu, nikabonyeza kwamba nimelipa. Saa mbili zimepita. Muuzaji anaandika: "Jina si lako, ghairi oda nikurudishie." Nighairi?

Mzee_wa_Chenji: USIGHAIRI. Ulipobonyeza umelipa, saa ya oda ilisimama na sarafu zake zimeshikiliwa na jukwaa. Ukighairi zinarudi kwake papo hapo, na hela yako pia anayo.

dada_tegeta: Piga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu warudishe muamala, kwisha habari.

Mzee_wa_Chenji: Dada, hapo nusu tu. Akishaitoa kwa wakala, hakuna cha kurudisha. Na ukirudisha muamala kimyakimya oda ikiwa wazi, mwizi unaonekana wewe.

Kijana_Mwanza: Poleni. Mimi nilituma USDT kwa mtandao tofauti, mwezi sasa. Kuna anayejua pa kuanzia?

Mzee_wa_Chenji: Hiyo ni nyingine mdogo wangu, fungua uzi wako.

Fundi, muuzaji huenda si tapeli. Mimi huuza, na jina geni linanitisha. Kuna mchezo huu: tapeli anatangaza simu ya bei chee, anampa mteja namba yangu alipie, kisha anadai USDT kwangu kwa hela hiyo hiyo. Mteja asipoona simu anakwenda polisi, na laini inayofungwa ni yangu. Ndiyo maana masharti ya matangazo mengi yanakataza kulipa kwa jina la mwingine. Uliyasoma?

Fundi_Jokofu: Sikuyasoma mkuu.

Mzee_wa_Chenji: Basi usitegemee sana kupewa sarafu. Mara nyingi huamuliwa hela irudi kwenye namba iliyotoka. Bonyeza "Appeal", weka taarifa ya miamala ya laini ya mkeo. Picha ya meseji peke yake haina uzito, hutengenezwa kirahisi. Mazungumzo yabaki humo humo kwenye oda. Akikuvuta WhatsApp, kataa. Mkeo akiiona hela kwenye salio lake, siyo kwenye meseji, ndipo ughairi.

dada_tegeta: Na akiachia sarafu mwenyewe?

Mzee_wa_Chenji: Akiridhika, anaweza. Wengine huomba video ya mwenye laini na kitambulisho. Mimi siachii hata hivyo.

Fundi_Jokofu: Mrejesho: nimefungua rufaa, wameomba video inayoonyesha namba ya menyu ya pesa inapigwa, menyu inafunguka mpaka muamala unaonekana. Mke yuko sokoni na simu, akirudi jioni tunarekodi. Muuzaji sasa anasema atarudisha ila atakata makato ya kutuma. Ni haki hiyo?

dada_tegeta: Kosa lako, lipa makato.

Mzee_wa_Chenji: Mimi ningemwambia arudishe hela nzima, tugawane makato baadaye. Ikiingia pungufu nawe ukaghairi, mwamuzi wa rufaa atakuuliza kwa nini umeghairi.