Mali kauli Kisumu: siku 14 kwa bei ya juu, au nusu mkononi na nusu baada ya siku 7?

DukaKondele
Wakuu, nina duka la rejareja Kondele. Holseli mbili zimekubali kunipa mali kauli. Ya kwanza inatoa siku 14, ila bei inapanda asilimia 2 juu ya bei ya keshi. Ya pili, ninayonunua kwake siku zote, inataka nusu nikichukua mzigo na nusu baada ya siku 7, kwa bei ya keshi. Nichukue ipi? Na huyu wa pili nitamwombaje siku zaidi bila kumuudhi?

Hesabu_Nakuru
Bado hujatuambia kitu. Mzigo wa ngapi, bidhaa gani, kila moja inaisha kwa siku ngapi, na keshi unayo kiasi gani?

BiasharaTamu
Chukua siku 14, ndugu. Asilimia 2 ni bure, benki watakutoza zaidi.

Hesabu_Nakuru
Benki hutaja riba ya mwaka. Hiyo yako ni ya siku 14 tu. Ukizungusha hivyo mwaka mzima ni mara 26, yaani karibu asilimia 52. Na sukari ina faida nyembamba, hiyo 2 inaweza kuila nusu.

DukaKondele
Samahani. Mzigo ni 120,000. Sukari na unga 70,000, zinaisha siku 5. Sabuni na mafuta ya kujipaka 50,000, siku kama 25. Keshi nina 65,000.

MamaKibuye
Mimi nasema usikopeshe mtu yeyote! Wateja wangu wa daftari wamenimaliza, mwisho wa mwezi wanapitia ile barabara nyingine.

BiasharaTamu
Mama, yeye ndiye anayekopa.

MzeeWaStoo
Kijana, kinachokubana ni sabuni. Holseli nyingi hazitoi mzigo wa pili kabla ya invoisi ya kwanza kulipwa. Siku ya 5 sukari na unga zimeisha: 70,000 zimerudi, sabuni imetoa 10,000, na 5,000 zilibaki. Hizo ni 85,000 bila faida. Ukimlipa 60,000 anazodai unabaki na 25,000, na nusu ya mzigo mwingine wa sukari na unga ni 35,000. Rafu inabaki wazi, na kodi ya duka hatujaigusa.

Usiombe siku zaidi kwa kila kitu. Omba invoisi mbili. Sukari na unga punguza hadi 60,000, ulipe keshi hapo hapo. Sabuni na mafuta, 50,000, ulipe 25,000 siku ya 14 na 25,000 siku ya 28. Kufikia siku ya 14 sabuni imekuingizia kama 28,000, kwa hiyo inajilipa yenyewe, na pesa ya sukari inarudi kwenye sukari. Yeye naye amepata zaidi ya nusu mkononi, ndiyo aliyotaka, tena bila kungoja pesa ya sukari.

Mwendee mwenyewe, si kijana wa oda, maana huyo hana ruhusa. Nenda alasiri kaunta ikiwa tupu. Mbele ya wateja wengine atakataa, wasije wote wakadai hivyo hivyo. Ukilipa, taja namba ya invoisi, la sivyo pesa ya sabuni itafuta deni jingine, kisha mzozane.

HundiTu
Mwachie hundi ya tarehe ya mbele, atakuamini mara moja.

MzeeWaStoo
Atakuamini hadi irudi. Benki inakutoza, naye pia anaweza kutozwa, na hapo mali kauli imeisha. Ukiona utachelewa, piga simu siku mbili kabla na utume hata 10,000.

Hesabu_Nakuru
Na usimkimbie. Kuna duka upande wa Ahero lilikuwa na deni la holseli moja, likaanza kununua keshi kwa nyingine ili kuikwepa. Dereva aliyeleta mzigo mpya ndiye aliyekuwa akileta wa zamani. Ndani ya wiki habari zilifika, na hiyo holseli ya pili nayo ikakataa kumkopesha. Deni lenyewe lilikuwa dogo, angeweza kulilipa vipande vipande. Kilichomponza ni kunyamaza.

BiasharaTamu
Bado nasema siku 14 zina raha yake. Bei ya sukari ikipanda katikati, wewe ulishachukua kwa bei ya zamani.

MzeeWaStoo
Na ikishuka? Jirani atauza chini yako na deni lako halishuki.

DukaKondele
Nimeelewa ya invoisi mbili, nitamwona Jumatano. Ila mafuta ya kujipaka huwa hayatembei wanafunzi wakifunga. Hiyo siku ya 28 ikiangukia likizo je?

MamaKibuye
Kwani unauzia wanafunzi? Wa shule gani?