Tupeane uzoefu: filta ya maji ya kisima kirefu, wa Tabora na Kigoma mnatumia ya kampuni gani?

mama_wa_ipuli
Mwangaluka wadau. Jana nimemwaga chai ya wageni. Nimeweka majani kidogo tu ya kila siku, chai ikatoka nyeusi kama wino na juu ina utando unameta. Maji yenyewe yakitoka bombani ni meupe kabisa, tulichimba mwaka jana mita 70. Dukani nimeonyeshwa filta za kampuni tatu, laki na nusu mpaka laki saba, kila muuzaji anasema yake inatoa kila kitu. Walionunua naomba mniambie ilidumu muda gani na vipuri mnapata wapi, maana mume wangu ameshatoa hela na sitaki kukosea.

kijana_gungu
Chemsha dada. Sisi Kigoma tunachota ya ziwa tunachemsha, maisha yanaenda.

fundi_isevya
Umenikumbusha mbali mama. Hiyo chai ni chuma. Maji ya chini hayana hewa kwa hiyo chuma kimeyeyuka humo hukioni, kikikutana na majani ya chai kinakuwa wino na kikikutana na hewa kinakuwa kutu. Jaza ndoo nyeupe moja kwa moja kutoka kwenye pampu, iache wazi mpaka asubuhi. Ukikuta vumbi la kahawia chini basi jibu umelipata kabla hujaenda dukani.

Mimi nilinunua kwanza nikapima baadaye. Mashine ya RO ya ukutani, ile inayochuja mpaka chumvi kwa utando uitwao membreni, hatua tano, 680,000, na jina lilikuwa kubwa kweli. Katriji ya kwanza, ile ya pamba, siku ya tisa nikaifungua ilikuwa nzito kama gunzi lililolowa, rangi ya tofali, na ukiipapasa inateleza. Nikawa nabadilisha kila wiki mbili, 12,000 kila moja. Membreni ikaziba mwezi wa nne, maji yanadondoka tone tone, ndoo ya lita 20 inajaa kutwa nzima huku maji mengi yanamwagwa kwenye bomba la taka. Membreni ni 90,000 na kwa mwendo ule ningebadilisha tatu kwa mwaka. Piga hesabu: pamba mara 26 ni 312,000, membreni 270,000, jumla 582,000 kwa mwaka, karibu bei ya mashine nyingine! Na kilichoniuma zaidi, katriji zake za ndani zina shingo ya peke yake haziingiliani na za kampuni nyingine, naagiza Dar nasubiri basi.

Ndipo nikapeleka chupa maabara ya maji. Chuma 3.8 miligramu kwa lita, wakati ikizidi 0.3 tu nguo zinaanza kupata madoa. Chumvi zilikuwa kidogo, floraidi kidogo. Yaani RO sikuihitaji kabisa.

mwl_kiloleni
Poleni. Mimi nisimulie yangu maana mpaka leo nikikumbuka moyo unaenda mbio. Walikuja vijana wawili na tai shuleni, wakaomba glasi mbili, moja ya maji yetu ya kisima na moja ya mashine yao. Wakatumbukiza kifaa chenye vijiti vinne vya chuma, wakachomeka kwenye umeme. Dakika moja haikuisha, glasi yetu ikachemka mapovu, ikawa kijani, ikawa nyeusi, matope yanaelea kama bwawa la ng'ombe. Ya kwao ikabaki njano kidogo tu. Kijana akasema mwalimu haya ndiyo unawanywesha watoto wako. Nilikuwa na mtoto aliyetoka kulazwa na tumbo wiki ile ile. Nililia mbele ya walimu wenzangu. Nikachukua mkopo siku ya pili nikalipa laki nane.

binti_wa_ujiji
Yesu wangu! Hicho kifaa kilipita na kwetu Ujiji, mama akakimbilia kununua maji ya chupa.

msaga_sumu
Ila matope si mliyaona kwa macho yenu? Maji yalikuwa machafu tu, mkubali.

mzee_wa_vipimo
Hapana kijana. Nimefanya kazi ya kupima maji miaka mingi, hicho kifaa kinanitia uchungu. Yale matope ni vijiti vyenyewe vinaliwa na umeme. Maji yenye chumvi za kawaida yanapitisha umeme, kwa hiyo vijiti vinayeyuka na kutoa kutu. Maji ya RO yametolewa chumvi, umeme haupiti vizuri, vijiti haviliwi. Akirudi mwambie atie chumvi ya mezani kidogo kwenye glasi YAKE kisha achomeke. Itakuwa tope vile vile. Mwalimu, aliyemuumiza mwanao hakuonekana kwenye ile glasi, vijidudu havionyeshwi na vijiti.

msaga_sumu
Sawa mzee, lakini kile kimashine cha kusoma TDS je? Changu kilisoma 190, fundi akasema maji safi hayahitaji kitu.

mzee_wa_vipimo
Hicho kinahesabu chumvi zilizoyeyuka kwa jumla tu. Choo cha jirani kikivujia kisimani kinaweza kusoma 190 hiyo hiyo. Kisima chako kiko hatua ngapi kutoka chooni?

msaga_sumu
Mambo ya choo changu yanakuhusu nini

mwl_kiloleni
Jibu mzee wa watu kwa adabu.

mama_wa_ipuli
Shikamoo mzee, ahsante. Fundi, sasa wewe ulifanyaje? Mbona umekatia hapo.

fundi_isevya
Nilikuwa saiti mama. Nilipandisha bomba mpaka juu ya simtanki ya pili, mwisho wake nikauziba, nikautoboa matundu madogo madogo maji yanyeshe kama mvua yapate hewa. Yanalala usiku kucha. Bomba la kutolea nimeliweka sentimita 30 juu ya kitako ili kutu ibaki chini, na kuna valvu ya chini kabisa, kila Jumamosi naifungua linatoka tope jekundu. Halafu pipa la mchanga, halafu kopo mbili za kawaida za inchi 10, ya kwanza pamba ya maikroni 5, ya pili mkaa. Hizi hazina kampuni moja, duka lolote la vifaa vya bomba unapata. Pamba sasa inakaa miezi miwili, mkaa miezi sita kwa 18,000. Mwaka mzima 108,000. Ya kunywa naichemsha, maana hivyo vyote haviui vijidudu.

kijana_gungu
Si nilisema kuchemsha

fundi_isevya
Kuchemsha kunaua vijidudu kaka, chuma hakitoki. Vyote viwili vina kazi yake.

mke_wa_askari_urambo
Kwangu nilifanya hiyo ya mvua haikusaidia sana, asubuhi maji bado yana rangi ya chai hafifu na hayatulii. Nikatia klorini kwenye tanki ndiyo yakatua.

mzee_wa_vipimo
Huenda maji yako yana uchachu, pH ikiwa chini ya 6.5 hewa pekee inafanya kazi polepole sana. Klorini inasaidia, ila mwenye RO asiiache ifike kwenye membreni, inaiharibu. Mkaa utangulie.

aliyekulia_arusha
Angalieni na floraidi. Meno yangu ya kahawia ni ya maji ya utotoni, na hiyo huioni wala huionji, mkaa wa kawaida hauitoi. Kule RO siwezi kuisema vibaya, yenyewe inaitoa.

mama_wa_ipuli
Nimeweka ndoo nyeupe jana jioni. Leo asubuhi chini kuna rangi kama unga wa ulezi, na juu ya maji kuna utando kama mafuta, nimeugusa na kijiti ukavunjika vipande vipande. Hayo mafuta yametoka kwenye pampu?

mzee_wa_vipimo
Mafuta ukiyagusa yanajirudia yanaungana. Ukivunjika vipande kama barafu ni bakteria wanaokula chuma, hawaumizi mtu ila wanaziba filta vibaya sana. Kabla ya kununua chochote kisima kisafishwe kwa klorini. Mara ya mwisho kilisafishwa lini?

mama_wa_ipuli
Tangu kuchimbwa, hakijawahi.