Ulinganisho: mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Bomba la mapezi, diski ya springi au ngoma ya nondo?

mkulima_mbozi
Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu kipo Mbozi, umeme hatuna, na mashine ya injini hutufikia ikiwa imeshamaliza vijiji vyote vya barabarani. Kwa hiyo tunajaza mahindi kwenye magunia tunapiga kwa fimbo. Punje zinavunjika, na mnunuzi akichota kiganjani tu anashusha bei.

Tunataka kuchongesha mashine ya kuzungusha kwa mkono. Nimeona aina tatu. Ya kwanza ni kibomba chenye mapezi manne ndani, unashika kwa mkono na kusokota hindi moja moja. Ya pili ni diski yenye meno, hindi linashuka kati ya diski na bati linalosukumwa na springi. Ya tatu ni ngoma ndogo yenye vipande vya nondo, unamwaga mahindi kadhaa kwa pamoja. Fundi wetu anapenda ya tatu kwa kuwa inaonekana ina kazi kubwa. Mimi naogopa itakuwa nzito. Nitajuaje uzito wa kuzungusha kabla sijanunua chuma?

gia_kubwa
Mkuu, uzito usikusumbue. Refusha mkono wa kuzungushia kutoka sentimita 25 hadi 45, torki, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, inakaribia mara mbili kwa msukumo uleule. Chukua ngoma.

fundi_makambako
Gia_kubwa, hesabu yako ni nusu. Ni kweli mkono mrefu unapunguza nguvu ya kusukuma. Ila kwa sentimita 25 kiganja kinasafiri mita 1.57 kila mzunguko, na kwa 45 kinasafiri mita 2.83. Ukizungusha mara 50 kwa dakika, mkono unatakiwa kukimbia zaidi ya mita 2 kwa sekunde kwenye duara lenye kimo cha sentimita 90. Utainama na kuinuka kama mtu anayeteka maji kisimani. Kazi haipungui hata kidogo, imehama tu kutoka kwenye misuli kwenda kwenye mwendo.

Mkulima, torki pima, usikisie. Mimi ninayo ya diski. Nilifunga mizani ya kulabu, ile ya kupimia nyama, kwenye kishikio, nikaivuta polepole ikiwa imekaa pembe mraba na mkono wa mashine, hindi likiwa ndani. Wakati meno yanaanza kung'ata, mizani ilifika kilo 6. Baada ya hapo ilicheza kwenye kilo 3 hadi hindi likatoka. Bila hindi ilikuwa nusu kilo, huo ni msuguano wa cheni na beringi.

Mkono wangu ni sentimita 25, hivyo:

```
torki = kilo x 9.81 x urefu wa mkono (mita)
kilele  = 6 x 9.81 x 0.25 = 14.7 Nm
wastani = 3 x 9.81 x 0.25 =  7.4 Nm
wati    = torki x 2 x 3.14 x mizunguko kwa dakika / 60
        = 7.4 x 6.28 x 50 / 60 = karibu 39
```

Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa wati 50 hadi 70 kwa mikono kwa muda bila kukata pumzi. Kwa hiyo 39 inampa nafasi. Sasa chukua ngoma inayopukuchua mahindi matatu kwa pamoja: kwa mwendo uleule unatafuta karibu wati 116. Atazungusha dakika chache halafu atakaa chini.

mkulima_mbozi
Hapo nimeelewa, fundi. Lakini wastani ni 7.4 na kilele ni 14.7, mara mbili. Mama zetu watakapofika kwenye kilele si mashine itasimama?

fundi_makambako
Itasimama, ukikosea mahali pa kuweka gurudumu zito, lile linalotunza mwendo na kuusukuma mkono kwenye kilele. Wengi wanaliweka kwenye shafti ya kishikio, kisha wanashangaa halisaidii.

Tuchukue mfano. Pinda nondo ya milimita 20 kuwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20. Nondo hiyo ina karibu kilo 2.5 kwa mita, hivyo duara mbili zikichomelewa pamoja zinakupa kilo 6 na ushee. Likizunguka mara 50 kwa dakika, gurudumu hilo linabeba nishati ya karibu jouli 3. Kilele chetu, tukikadiria kinadumu robo mzunguko, kinahitaji nyongeza ya jouli 11 au 12. Haitoshi kabisa.

Weka gia ya mbele ya baiskeli yenye meno 48 kwenye kishikio, na ya nyuma ya meno 16 kwenye shafti ya diski. Diski sasa inazunguka mara 150. Gurudumu lilelile ukilihamishia huku, linabeba mara tisa, yaani karibu jouli 30, kwa sababu nishati inakua kwa mraba wa mwendo. Likitoa 12 linapoteza kama asilimia 22 ya mwendo wake na kuendelea. Mama anasikia kamguso tu mkononi.

Ukitumia frii ya baiskeli hapo nyuma, mtu akiachia kishikio kinabaki kimesimama wakati diski inaendelea kuzunguka, hakimpigi mkono. Hasara yake ni kwamba hindi likikwama huwezi kulirudisha nyuma kwa kishikio. Inabidi ushike gurudumu lenyewe. Na mdomo wa kuingizia ufanye mrefu, sentimita 20 hivi, kidole kisifike kwenye meno.

bi_sada_tanga
Naomba kuuliza, hii ya diski ikishapukuchua inatoa na maganda ya punje ili tupate sembe moja kwa moja? Nina kabiashara ka unga.

fundi_makambako
Hapana dada, hii inatenganisha punje na gunzi tu. Ya kutoa ganda ni mashine ya kukoboa, nayo kwa kawaida huendeshwa kwa mota au injini. Fungua uzi wake, wapo wanaozijua vizuri kuliko mimi.

ngoma_kibaigwa
Naheshimu hesabu, ila ngoma msiizike. Sisi tunayo yenye vishikio viwili, watu wawili wanazungusha na mmoja anamwaga. Kwenye diski kuna kazi inayosahaulika, ya kuchukua hindi moja moja, kuligeuza ncha itangulie, na kulilenga kwenye tundu. Hapo ndipo muda unapopotea. Na kwa mbegu za kienyeji, ambazo hindi moja ni nene na jingine kama kidole, springi ya diski inasumbua. Ukiikaza kwa membamba, manene yanakwama. Ukiilegeza, membamba yanatoka na punje zake.

Nakubali jambo moja. Ngoma yetu inavunja magunzi, na vipande vyake vinachanganyika na punje. Tunapepeta mara mbili.

fundi_makambako
Hoja ya springi ni ya kweli. Mimi huwaambia watu wachambue mahindi mafungu mawili kwanza, manene na membamba, na nati ya springi iwe ya kugeuza kwa mkono bila spana.

Kuhusu kasi, nimepima hivi. Hindi moja linapita kwa mizunguko minne ya kishikio, yaani sekunde 4.8. Kulenga jingine ni kama sekunde moja na nusu hadi mbili. Kwa mahindi yangu, yenye wastani wa gramu 120 za punje kila moja, hiyo ni karibu kilo 66 kwa saa kwa hesabu. Kwa kazi halisi ya dakika 20 zilitoka kilo 20.4, sawa na kilo 61 kwa saa. Msipime dakika moja. Dakika ya kwanza kila mtu ni shujaa.

Kisha magunzi yote ya dakika zile 20 tuliyamalizia kwa vidole, tukapata nusu kilo. Gawanya 0.5 kwa 20.9, karibu asilimia 2.4 ilibaki kwenye magunzi. Ngoma_kibaigwa, ukipima yenu hivyohivyo, gawanya kilo kwa idadi ya watu. Watatu wakitoa 120 kwa saa ni 40 kwa kila mtu.

ngoma_kibaigwa
Na wewe ni peke yako, au kuna anayekupokea gunia na kukusogezea mahindi?

fundi_makambako
Kuna kijana wa kusogeza. Haki yako, basi ni kilo 30 kwa mtu.

mama_mbegu_kitale
Mnaongea kilo na hamjagusa uvunjikaji, na ndiyo mkulima alianza nayo. Kwa kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 2, punje zilizovunjika zisizidi asilimia 2 kwa daraja la kwanza na 4 kwa la pili. Wanachukulia zilizovunjika kuwa zile zinazopita kwenye chujio la matundu ya milimita 4.5. Chota sampuli sehemu tatu tofauti za rundo, changanya, pima gramu 100, chekecha, pima kilichopita.

Lakini pukuchua pia mahindi mengine ya rundo hilohilo kwa vidole, uyapime vilevile. Mashine ikikupa gramu 2.6 na vidole 0.4, basi mashine imevunja 2.2. Bila hiyo ya vidole utailaumu mashine kwa makosa ya wadudu na ya kukausha.

Nyufa hazionekani kwa macho. Nunua ayodini duka la dawa, ichanganye na maji, loweka punje 100 dakika chache, suuza. Palipopasuka wanga hugeuka bluu nyeusi. Punje hizo utupe. Kwa mbegu mimi huzipanda 100 kwenye mchanga, nikilinganisha na 100 za vidole. Ndiyo maana kwa mbegu bado natumia kibomba cha mapezi. Ni polepole sana, lakini hakipondi kiini.

Na unyevu kwanza! Mahindi mabichi hupondeka kwenye meno. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha juani.

mkulima_mbozi
Asante sana mama. Tunaelekea kwenye diski, na vibomba viwili vya mbegu. Swali la mwisho ni chuma. Fundi wetu ana diski ya breki ya gari, anataka kuichomelea meno.

fundi_makambako
Asifanye hivyo. Diski ya breki ni chuma cha kumimina. Weldi ya kawaida hushika, ikipoa inapasuka pembeni mwa mshono, na jino likidondoka linaingia kwenye punje. Inafaa tu kuongeza uzito kwenye gurudumu, kwa boliti. Diski yenyewe mkate bamba la milimita 6, vinundu viwe vya nondo ya milimita 8 vikiinuka milimita 5 tu, kisha avipitishie grenda viwe mviringo. Kona kali ndiyo inayokata punje. Beringi chukueni 6204 zenye mpira pande zote mbili, vumbi la mahindi linaziua zilizo wazi.

gia_kubwa
Vinundu vya nondo ya kawaida si vitalika haraka? Diski za zamani za kumimina zinarithiwa.

fundi_makambako
Vitalika, ndiyo. Vyangu vimeshuka karibu milimita moja na bado vinafanya kazi, ila punje zinazobaki kwenye gunzi zimeongezeka. Sijaamua kama nivijazie weldi ngumu au nikate diski mpya. Mwenye ya kumimina aliyepima uvunjikaji kwa chujio la mama_mbegu alete namba zake hapa.